Anayekua ni Yule Anayeulizwa

Ilikuwa siku ya tatu ya mwezi, na hesabu za mwezi uliopita zilitakiwa ziwe zimefungwa ifikapo siku ya tano. Kijana niliyepewa nimlee kikazi alikuwa amekaa pembeni yangu, taarifa ya benki upande huu, daftari la fedha upande ule, na katikati yake tofauti ya 2,700 iliyogoma kuondoka. Nikamwambia maneno ambayo nimeyasema na kuyatenda kwa zaidi ya miaka kumi: "Gawanya kwa tisa. Ikigawanyika bila kubaki kitu, tafuta tarakimu zilizopinduliwa." Akagawanya, akapata 300. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumpotezea mkubwa wake muda: "Samahani dada, kwa nini tisa? Kwa nini isiwe saba?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba ndivyo ilivyo, tuendelee, muda hautusubiri. Tukaendelea. Lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani, na usiku nikachukua karatasi.

Naanza na kisa hiki kwa sababu watu wengi wanaozungumzia ulezi wa kikazi, au umenta kama wengi wetu tunavyouita sasa, wanaueleza kama sadaka: mwenye ujuzi anatoa, asiye nao anapokea, na mtoaji anabaki na baraka. Mimi nadhani hapo ndipo tunapokosea hesabu. Mlezi ananufaika sana, tena kwa namna inayoonekana kwenye kazi yake mwenyewe. Ila manufaa hayo hayaji kwa kuongea na mdogo wako. Yanakuja katika nafasi mbili tu: pale anapokuuliza jambo ambalo umekuwa ukilitenda bila kulielewa, na pale unapoiacha kazi mikononi mwake huku lawama ikibaki kwako. Mlezi anayezikwepa nafasi hizo mbili anaweza kulea watu 20 na akabaki pale pale alipokuwa.

Turudi kwenye tisa. Chukua 85, uigeuze iwe 58. Ile 8 ilikuwa kwenye makumi, ikihesabiwa 80. Imehamia kwenye mamoja, inahesabiwa 8. Imepoteza 72, yaani nane mara tisa. Ile 5 ilikuwa kwenye mamoja, imepanda kwenye makumi na kuwa 50. Imeongeza 45, yaani tano mara tisa. Kila tarakimu inayohama nafasi moja inapanda au kushuka kwa tisa zake, kwa hiyo tofauti nzima lazima iwe tisa mara lile pengo lililopo kati ya tarakimu mbili. Kati ya 8 na 5 pana 3. Tatu mara tisa ni 27. Hilo tu. Tisa inatoka kwenye kumi ukiondoa moja, kwa kuwa tunahesabu kwa makumi. Mtoto wa shule angeweza kunieleza, na mimi nilikuwa na zaidi ya miaka kumi kazini.

Lakini kilichonitoa usingizini kilikuwa kingine. Baada ya kuelewa sababu, niliona kwamba ile 300 aliyoipata kijana ilikuwa na habari ambayo siku zote nimekuwa nikiitupa. Mimi nilikuwa naangalia kama namba inagawanyika, basi, halafu naanza kupekua mstari kwa mstari. Kumbe jibu la kugawanya linasema mengi. Tatu inasema tarakimu zilizopinduliwa zinapishana kwa tatu. Zile sifuri mbili zinasema zimekaa kwenye mamia na maelfu. Kwa hiyo sikuhitaji kupekua ukurasa mzima. Nilihitaji kuangalia tu maingizo ambayo tarakimu ya maelfu na ya mamia zinapishana kwa tatu.

Asubuhi nilimwita tukaipanga upya pamoja. Taarifa ya benki ilionyesha salio la 1,284,500. Tukatoa hundi za 96,000 ambazo tuliowaandikia walikuwa hawajazipeleka benki, tukaongeza 15,000 tulizoweka alasiri ya siku ya mwisho ya mwezi na benki ikaziingiza kesho yake. Ikabaki 1,203,500. Daftari letu lilisema 1,203,800. Tukatoa makato ya benki ya 3,000 ambayo tulikuwa hatujayaandika, ikabaki 1,200,800. Daftari lilikuwa chini ya benki kwa 2,700. Nikamuuliza: daftari likiwa chini, kosa liko upande gani? Akafikiri, akasema ama tumeandika malipo makubwa kuliko yalivyo, ama mapokezi madogo kuliko yalivyo. Vizuri. Sasa tafuta kwenye malipo kwanza, maelfu na mamia yanayopishana kwa tatu, na ile kubwa itangulie. Kwenye ukurasa mzima yalikuwepo maingizo manne tu ya namna hiyo. La tatu lilikuwa 48,500. Vocha yake ilisema 45,800.

Haikuchukua hata dakika tano. Kazi hiyo hiyo ilikuwa inanila nusu ya asubuhi, mwezi baada ya mwezi, nami nikiamini kwamba naijua.

Hili silo jambo la uhasibu peke yake. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Yale, Leonid Rozenblit na Frank Keil, walichapisha utafiti ambao waliwaomba watu wajipime wanaelewa kiasi gani jinsi vitu vya kawaida kama zipu vinavyofanya kazi. Watu wakajipa alama nzuri. Kisha wakaombwa waeleze hatua kwa hatua zipu inafungaje. Walipomaliza kueleza, wakajipima tena, na alama wakazishusha wenyewe. Kutumia kitu kila siku kulikuwa kumewapa hisia ya kukielewa. Mtu mzoefu kazini yuko kwenye hatari hiyo kuliko mgeni, kwa sababu mgeni hakosi wa kumuuliza aeleze, na mzoefu haulizwi na mtu. Mkubwa wake anataka matokeo. Wenzake wanajua njia zile zile za mkato. Anayebaki kuuliza "kwa nini" ni yule mdogo tu, na yeye naye huuliza kwa miezi michache ya mwanzo kabla hajajifunza kunyamaza.

Hapo ndipo namna ya kulea inapoamua nani atakua. Rod Roscoe na Michelene Chi waliupitia mwaka 2007 utafiti uliofanywa juu ya wanafunzi wanaowafundisha wenzao, wakitaka kujua kwa nini faida kwa anayefundisha mara nyingi huwa ndogo kuliko inavyotarajiwa. Walichoeleza ni kwamba wafundishaji wengi huangukia kusimulia wanachokijua: wanarudia maelezo waliyonayo kama yalivyo. Faida huonekana zaidi pale wanapolazimika kuyajenga maelezo upya, kuyaunganisha, kujikagua wakiwa katikati ya kueleza. Na mara nyingi kinachowasukuma huko ni swali la anayefundishwa. Nilipolisoma hilo niliiona siku yangu ya tatu ya mwezi. "Gawanya kwa tisa" ilikuwa kusimulia. Karatasi ya usiku ilikuwa kujenga. Kati ya hizo mbili palikuwa na swali moja lililoulizwa kwa woga, ambalo ningeweza kulizima kwa kuguna tu.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu niliwahi kulizima. Kabla ya kijana huyu nilipewa mwingine, nikamlea vibaya, ingawa wakati huo kila mtu alinisifu kwa uvumilivu. Nilikuwa naketi naye kila mwisho wa mwezi. Akikwama, nilikuwa navuta karatasi upande wangu, nafanya, namrudishia ikiwa imekamilika, na kumwambia: "Umeona?" Alikuwa anasema ameona. Miezi sita ilipita hivyo. Kisha nikaugua wiki moja, na wiki yenyewe ikawa ya kufunga hesabu. Niliporudi nilikuta taarifa ya usuluhishi wa benki, ile ya kulinganisha daftari letu na taarifa ya benki, iko nusu, pale pale ambapo mimi huwa navuta karatasi. Hakuwa mvivu. Alikuwa amejifunza kwa ukamilifu kile nilichomfundisha, yaani kwamba mambo yakifika hapo dada anachukua.

Mwaka ule ule nafasi ya msimamizi wa kitengo ilifunguka, nami niliitaka. Meneja wangu alinieleza wazi, na bila ubaya, kwamba hawezi kunitoa kwenye kiti changu kwa kuwa hakuna wa kukikalia. Nilikasirika siku kadhaa. Nilidhani kuwa mtu asiyeweza kukosekana ni sifa. Nilichokuwa nimekijenga kilikuwa kazi inayosimama nikiugua, na hakuna mwajiri mwenye akili anayempandisha cheo mtu wa namna hiyo, kwa sababu msimamizi ni mtu ambaye kazi inaendelea mikononi mwa wengine.

Kwa kijana wa pili nikaanza tofauti, na hapa niingie kwa undani, kwa sababu watu husema "mpe majukumu" kana kwamba ni tendo la siku moja.

La kwanza nililolazimika kuamua ni kosa gani nitaliacha litokee. Ukisema hutaki kosa lolote, utavuta karatasi tu. Ukisema ajifunze kwa makosa, siku moja mtalipa mtu asiyestahili kulipwa. Nikazigawa kazi zangu kwa kigezo kimoja: kosa hapa likitokea, linarekebishika kabla halijatoka nje ya chumba hiki? Usuluhishi wa benki ukikosewa, unarudiwa. Karatasi inapotea, muda unapotea, hakuna pesa iliyoondoka. Kuidhinisha malipo ni jambo jingine, pesa ikishaingia kwenye akaunti ya mtu kuirudisha ni shughuli. Kutuma taarifa kwa wakaguzi vivyo hivyo. Kwa hiyo nikampa usuluhishi mzima, na malipo nikabaki nayo. Hilo liliendana pia na kanuni ya udhibiti ambayo kila mhasibu anafundishwa, kwamba anayeandaa malipo asiwe yeye anayelinganisha hesabu za benki, maana akiwa mmoja anaweza kuficha kwa mkono wa kushoto alichofanya kwa wa kulia. Miaka yote nilikuwa nafanya yote mawili mwenyewe, nikijiambia ni kwa sababu ya upungufu wa watu. Kumpa kijana kazi ile kuliponya udhaifu uliokuwa kwenye ofisi yetu, na hata hilo nililiona baada ya yeye kuniuliza kwa nini siku zile nilikuwa sizitenganishi kazi hizo mbili.

La pili lilikuwa muda. Mimi usuluhishi ulikuwa unanichukua saa mbili hivi kama hakuna tofauti ngumu. Yeye mwezi wa kwanza ulimchukua siku mbili kamili. Kama ningemkabidhi tarehe mbili kwa kazi inayotakiwa tarehe tano, ningejikuta tarehe nne usiku navuta karatasi, na ningejiambia sikuwa na njia. Walezi wengi hushindwa hapa na kudhani kilichowashinda ni subira. Kilichowashinda ni ratiba. Nilichofanya ni kuhamisha kazi ianze mapema: badala ya kusubiri mwezi uishe, tukawa tunachukua taarifa ya benki kila Ijumaa na kulinganisha wiki ile tu. Kosa la wiki moja limejificha kwenye mistari michache, si kwenye kurasa. Mwezi ukiisha, robo tatu ya kazi imeshafanyika, na yeye ana nafasi ya kukwama bila mtu kuumia. Nilibuni utaratibu huo ili nimsaidie yeye, nao ndio ukawa utaratibu wa ofisi nzima. Hata leo hakuna anayekumbuka kwamba ulianza kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa mgeni.

La tatu, ambalo lilinigharimu zaidi, lilikuwa mkono wangu. Nilijiwekea sharti kwamba ninapokagua kazi yake sishiki kalamu. Kalamu inabaki kwake. Mimi nina maswali matatu tu. Umeanzia wapi? Hapa ulitegemea uone nini? Umekiona? Swali la pili ndilo lenye nguvu. Mtu anayejua alitegemea kuona nini kabla hajatazama, anafikiri. Ambaye hajui, anafuata hatua. Mara ya kwanza alinijibu kwamba hakutegemea chochote, alikuwa anaweka alama kwenye mistari inayofanana. Sikumwambia kitu. Juma lililofuata alianza kwa kuniambia, kabla sijauliza, kwamba kuna hundi mbili za wiki iliyopita ambazo hazikuwa zimefika benki, kwa hiyo anategemea kuziona wiki hii, na asipoziona atapiga simu.

Kukaa bila kalamu ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Unaona kosa liko mstari wa saba, naye yuko wa pili, anakwenda taratibu. Vidole vinawasha. Nilichokuja kugundua ni kwamba katika dakika hizo mimi ndiye niliyekuwa nikifundishwa usimamizi, maana nilikuwa najifunza kuona kazi bila kuifanya. Kutofautisha mtu aliyekwama na mtu anayefikiri, kwa mfano: wote wamenyamaza, lakini anayefikiri macho yake yanahama kati ya karatasi mbili, na aliyekwama anatazama sehemu moja, au anaanza kuhesabu upya kile ambacho ameshakihesabu. Wa kwanza ukimsemesha unamharibia. Wa pili usipomsemesha unamwacha azame. Sasa nina watu wanane chini yangu na bado ujuzi ninaoutumia zaidi kila siku ni huo, nilioupata nikiwa nimeikunja mikono kando ya kijana mmoja.

Lakini nilikosea pia, na kosa lilitoka mahali ambapo sikupategemea. Katika mwezi wa tatu alikuja na tofauti, nikiwa nimechoka, na nikashusha pumzi. Sikusema neno. Nilishusha pumzi tu, ile ndefu. Mwezi uliofuata alikuta ingizo moja limeandikwa mara mbili, hakuniambia. Alikaa nalo siku tatu akijaribu kulitatua peke yake, na alipokuja tulikuwa tumebakiwa na asubuhi moja. Nilitaka kufoka. Badala yake nikamuuliza kwa nini hakuja mapema, akasema: "Niliona dada umechoka na mimi." Ilinibidi nirudi nyuma hadi nikaikumbuka ile pumzi.

Watu wanaoandika juu ya uongozi husema sana kuhusu kutoa maoni kwa wafanyakazi, wapi na kwa maneno gani. Uzoefu wangu ni kwamba mdogo wako hajali sana maneno uliyoyaandaa. Anasoma uso wako pale habari mbaya inapofika, na hapo anaamua habari mbaya ijayo itakufikia lini. Siku moja au siku tatu: tofauti hiyo inaamuliwa ndani ya sekunde mbili. Tangu hapo tukakubaliana jambo la wazi, kwamba akikaa na tofauti kwa saa moja bila kupiga hatua, lazima aje, na akija anieleze mambo mawili: ameshaondoa uwezekano gani, na anashuku nini. Kwa hiyo kuja kwake kukawa sehemu ya kazi, akaacha kuona kwamba anakiri kushindwa. Na saa moja ilitosha kumfanya apambane kwanza. Mtu akija kila baada ya dakika tano, hajifunzi kitu, nawe hupumui.

Nieleze pia pale ambapo jambo hili halifanyi kazi, maana sipendi kuliuza kama dawa ya kila maradhi. Huwezi kumlea mtu katika kazi ambayo wewe mwenyewe uliianza mwezi uliopita, mtababaishana. Huwezi kuwalea watano kwa wakati mmoja kwa namna niliyoieleza. Nilijaribu watatu, na niligundua nimerudi kusimulia, kwa sababu kusikiliza maswali ya watu watatu kwa siku kunahitaji muda ambao sikuwa nao. Wawili ndio mwisho wangu. Na kuna hali moja ya hatari inayojificha ndani ya jina zuri la ulezi: mdogo anageuzwa kuwa msaidizi. Anapanga mafaili, anatoa nakala, anaandika barua za mkubwa, na mkubwa anajisifu kwamba anamlea. Ukitaka kujua kama umefika huko, tazama ni kazi gani anafanya ambayo wewe ungeona uchungu kuiachia. Kama hakuna, humlei.

Kipimo cha kama unalea au unasimulia tu, mimi hukipata kwenye maswali yake. Mwezi wa kwanza alikuwa akiniuliza afanye nini. Ikiwa mwezi wa nne bado anauliza hivyo, basi kosa ni langu, kuna mahali navuta karatasi bila kujua. Kwa kijana huyu maswali yaligeuka taratibu. Kwanza ikawa: nifanye hivi au vile? Baadaye ikawa: nimefanya hivi kwa sababu hii, umeona tatizo? Na siku moja akaja na lile lililonifurahisha kuliko yote. Alikuwa amepata tofauti ya 41,220. Akagawanya kwa tisa, akapata 4,580, na akaniambia hii haikuwa na sura ya tarakimu mbili zilizopishana. Alikuwa ameikalia usiku, kama mimi nilivyokaa na ile yangu. Akagundua kwamba mtu akidondosha sifuri moja, 45,800 ikaandikwa 4,580, kilichopotea ni sehemu tisa kati ya kumi, kwa hiyo ukigawanya tofauti kwa tisa unapata ile namba iliyoandikwa vibaya yenyewe. Hakuhitaji kutafuta mstari. Aliita 4,580 kwenye jedwali la kompyuta, ikajitokeza.

Hilo mimi sikuwa nalijua. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kosa la sifuri nalo hugawanyika kwa tisa, ila hakuna aliyewahi kuniambia kwamba jibu la kugawanya ndilo kosa lenyewe, nami sikuwahi kuuliza. Niliandika kwenye kijitabu changu pale pale, akiwa ananitazama, na sikuona aibu. Baadaye tukaongeza tahadhari pamoja: katika kila namba tisa zinazofuatana moja lazima igawanyike kwa tisa, kwa hiyo tofauti inaweza kugawanyika kwa bahati tu, na kama makosa ni mawili yaliyojumlishwa, hila nzima inaweza kukupoteza. Kwa hiyo ukikosa ingizo lenye sura hiyo ndani ya dakika kumi, acha, rudi kwenye njia ya kawaida.

Nafasi ya msimamizi ilipofunguka tena, mwaka mmoja na nusu baada ya ile ya kwanza, meneja hakuniuliza nani atakaa kwenye kiti changu. Alikuwa ameshamwona. Kijana alikuwa amefunga hesabu za miezi miwili nikiwa likizo, na hakuna aliyenipigia simu. Kwenye mahojiano niliulizwa nitaendeshaje kitengo, na kila nilichojibu kilikuwa kimetoka kwenye karatasi zile: ni kosa gani naliacha litokee na lipi silikubali, kazi ianze lini ili mtu apate nafasi ya kukwama, habari mbaya inifikie baada ya muda gani. Sikuwa nimehudhuria mafunzo yoyote ya uongozi wakati huo.

Mwezi uliopita nilipita kwenye meza yake. Sasa naye ana mtu wa kumlea, binti aliyeanza kazi hivi karibuni, na walikuwa wamemaliza kulinganisha hesabu za wiki. Zilikuwa zimelingana bila tofauti hata ya moja. Kijana alikuwa anakusanya karatasi azifunge. Binti akasema: "Kaka, samahani. Kama tofauti ni sifuri, tunajuaje hakuna makosa mawili yaliyofichana?"

Kijana akanyamaza. Akanitazama, nami nilikuwa najua jibu, kwamba makosa mawili ya kiasi kimoja, moja likiongeza na jingine likipunguza, yanaacha hesabu ikiwa sawa na bado ni mbovu. Sikusema. Akamgeukia binti, akasema hajui, wajaribu kutengeneza kosa la namna hiyo wenyewe kwenye karatasi waone lingeonekana wapi. Akamsogezea kalamu, wakaanza upya kutoka mstari wa kwanza, wakilinganisha kila ingizo na vocha yake.

Nikaondoka polepole nisiwakatishe.